Sentimita na Goti Lake

Mtaani kwao walimwita Sentimita, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na ukimletea suruali iliyopungua nusu sentimita kiunoni aliifumua yote mbele ya macho yako, huku akinung'unika kama vile wewe ndiye uliyeikosea. Miaka thelathini alikaa kwenye kiti kilekile, mbele ya cherehani ya kukanyaga, mguu wa kulia ukiongoza na wa kushoto ukifuata. Mkewe alizoea kusema kwamba mume wake ana mikono miwili na miguu minne, miwili ni ya chuma.

Basi ule mguu wa kulia ndio uliomsaliti. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umeua hisia za unyayo, akakanyaga sindano iliyovunjika asijue, na alipojua kidole kilikuwa cheusi. Walimkata vidole viwili. Kidonda hakikupona. Mwezi mmoja baadaye weusi ulikuwa umepanda hadi kisigino, na sasa alikuwa amelala wodini, chumba chenye vitanda sita na dirisha moja lisilofungika, mkewe pembeni na daktari wa upasuaji amesimama miguuni pake.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, asiye na haraka ya kuongea. Alipitisha mgongo wa kiganja juu ya mguu, polepole, kutoka gotini kushuka. Kisha akatia vidole nyuma ya goti na kutulia, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Mzee wangu, mguu huu lazima tuukate," alisema. "Tukiuacha, sumu itakuchukua wewe mzima."

Mkewe alidakia. "Dokta, si mkate unyayo tu? Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Mama, ningependa. Lakini unyayo hauna damu. Nikikata pale, kidonda hakitafunga, tutarudi hapa tena na tena, kila mara tukipanda juu kidogo."

Sentimita alielewa kabla ya mkewe. "Kiraka hakishonewi kwenye kitambaa kilichooza," alisema. "Kitachanika pembeni."

"Hapo umenena. Sasa sikiliza. Nyuma ya goti mapigo yapo, na ngozi ina joto mpaka katikati ya muundi. Nataka kukata chini ya goti, nikubakizie goti lako. Lakini nitakuwa na uhakika nikishaanza. Nikikuta nyama haitoi damu, itabidi nipande juu ya goti. Nahitaji sahihi yako kwa yote mawili."

"Tofauti yake nini?"

"Mwenye goti lake hutembea kwa nguvu kidogo, hupanda ngazi, huinuka kitini bila kuvutwa. Asiye nalo huweza pia, lakini kila hatua ni kazi. Wewe unafanya kazi gani?"

"Nashona. Cherehani ya kukanyaga. Dokta, cherehani ile naikanyagia goti. Watu hudhani ni unyayo."

Daktari hakuahidi kitu. Sentimita akatia sahihi mara mbili, kisha akauliza, kwa sababu hakuweza kujizuia: chini ya goti, sentimita ngapi? Akajibiwa kumi na nne hivi. Akataka kujua hiyo "hivi" ni ngapi, mkewe akamwambia anyamaze.

Walimchoma sindano ya mgongo, kiuno kushuka chini pakafa, ila masikio yalibaki mazima. Mbele ya kifua walitundika shuka la kijani asione. Alisikia vyuma, alisikia watu wakinong'ona. Kisha akasikia sauti ya kijana aliyekuwa akimsaidia daktari: "Hii haitoki damu vizuri, Dokta. Tupande?"

"Subiri," daktari alisema.

Sentimita alitazama lile shuka la kijani, akaona pindo lake limeshonwa ovyo, akashangaa kwamba mtu anaweza kuona pindo wakati kama ule. Aliomba. Hakuomba kupona wala kuishi, aliomba goti. Walikawia hadi akadhani wamemsahau.

"Haya, angalia," daktari alisema mwishowe. "Ngozi inatoa, na nyama ni nyekundu. Tunabaki hapa."

Machozi yalimtoka yakamwingia masikioni, na muuguzi aliyekuwa kichwani pake akayafuta bila kuuliza.

Siku walipofungua bendeji, jambo la kwanza alilofanya ni kukagua mshono. Ulikuwa umekaa mbele, si kwenye ncha, na alitaka kujua sababu. Daktari alimweleza: nyama ya nyuma ya mguu ndiyo yenye damu nyingi, kwa hiyo aliiacha ndefu, akaikunja kuja mbele ifunike ncha ya mfupa. Sentimita aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kumbe hata hawa huacha akiba ya kukunjia.

Kigutu cha mguu uliokatwa kina shule yake, na yeye alikuwa mwanafunzi mkaidi. Mkewe alimletea mto laini wa kuweka chini ya goti. Mtaalamu wa mazoezi akauondoa siku hiyohiyo. "Goti likizoea kulala limekunjwa litakakamaa hivyo, na mguu wa bandia hautavalika. Daktari kakuachia goti, wewe unataka kulikunja kama shati?" Kwa hiyo alilala goti limenyooka, na kila siku alilinyoosha na kulikunja hadi jasho likamtoka. Mkewe alijifunza kufunga bendeji ya kunyumbuka kwa mshazari, msalaba juu ya msalaba, ikaze nchani na kulegea kadiri inavyopanda, uvimbe upungue na kigutu kipate umbo. Kila jioni kabla ya giza Sentimita mwenyewe alikiosha kwa sabuni, akakikausha vizuri, kisha akashika kioo kidogo chini yake na wote wawili wakatazama. Wakati mwingine vidole visivyokuwepo viliwasha. Mkewe alimuuliza amkune wapi, wakacheka hadi wakachoka.

Mwezi wa tatu akapelekwa kwa fundi wa miguu ya bandia, bwana mmoja mrefu aliyejaa vumbi la plasta hadi kwenye nyusi. Hapo Sentimita alijiona yuko nyumbani: meza, patasi, futi kamba shingoni. Fundi alimpima kigutu sehemu nne, akaandika, akachora alama kwa kalamu kwenye mifupa, akamzungushia plasta mbichi, na ilipokauka akaivua. Ndani ya plasta hiyo akamimina jasi, akapata kigutu cha jasi, akaanza kukichonga.

"Mbona unakiharibu?" Sentimita aliuliza. "Vipimo si ulichukua?"

"Fundi mwenzangu, wewe unapima nguo ikae juu ya mtu. Mimi natengeneza kikombe cha kumbeba mtu. Hapa, kwenye kano chini ya pia ya goti, panavumilia uzito, kwa hiyo nachonga, kikombe kipabane. Lakini huku mbele kwenye muundi, na hiki kifundo cha upande wa nje, ni mfupa na ngozi tu. Hapo naongeza plasta, kikombe kipaachie nafasi. Na ncha haibebi uzito wote, inaguswa tu."

Mguu ulipokuwa tayari alitembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia. Fundi alimvua baada ya dakika chache, akatazama wekundu. Wa kwenye kano ulififia haraka, akaridhika. Akampa soksi nne nene za kigutu, zilizofumwa bila mshono, akamwambia: kigutu kitaendelea kupungua, kikombe kikilegea ongeza soksi, na kila siku vaa safi.

Hapa ndipo ufundi ulipomponza. Zile soksi alizidharau. Zilikuwa na rangi ya uji na zimekaa kama gunia. Akachukua kitambaa kizuri cha fulana, akajishonea sita, mshono maradufu, umenyooka kama rula, unashuka mbele katikati ya muundi. Alizivaa kwa fahari. Wiki ya pili, akijitazama peke yake kwenye kioo, aliona doa jekundu mbele ya mfupa. Kesho yake ngozi ilikuwa imechubuka. Haikumuuma, kwa sababu ngozi yenyewe ilikuwa imeshapoteza hisia. Lakini alijua kidonda cha kwanza kilianza vivyo hivyo, na aliposikia moyoni neno "juu ya goti", akakificha kioo nyuma ya kabati na kusema macho yamechoka.

Mkewe ndiye aliyekuwa akifua. Alikuja na soksi yenye doa la kahawia mkononi.

"Fundi, hii nini?"

"Chai."

"Siku hizi chai unainywea goti?"

Mkewe akakaa kitandani, akavua ule mguu mwenyewe, akatazama bila kioo. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya mzaha. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Na kilio chenyewe nitakilia mimi, si wewe. Vaa shati twende."

Fundi wa miguu hakutazama kidonda kwanza. Aliigeuza soksi ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mshono, toka juu hadi chini. "Nani kashona hii?"

"Mimi."

"Ni mshono mzuri sana," fundi alisema kwa upole, na Sentimita akatamani angetukanwa. "Mimi niliacha nafasi ya milimita chache mfupa upumue. Wewe ukaijaza."

Daktari aliitwa. Alisafisha kidonda, akagusa kingo, akatia vidole nyuma ya goti, palepale pa siku ile, akatulia.

"Ni ngozi tu. Mfupa haujaguswa," alisema. "Wiki tatu bila mguu, kidonda kisafishwe kila siku. Ungekaa siku kumi nyingine, mzee, tungeongea mengine. Mshukuru aliyekuleta."

Alimshukuru. Hakuwa mtu wa kushukuru kwa maneno, lakini siku ile, kwenye benchi la korido, mbele za watu, alimshika mkewe mkono na kumwambia asante, mama watoto, bila wewe ningelipoteza kwa kiburi. Mkewe akamwambia aache kulia, watu watadhani kafiwa.

Kidonda kilifunga siku ya kumi na tisa. Kioo kilirudi mahali pake. Fundi alikagua kikombe upya na kumpa soksi nyingine za rangi ya uji, akazipokea kwa mikono miwili. Alirudi kwenye kiti chake. Sasa mguu wa kushoto ndio ulioongoza, na wa kulia, wenye kifundo kisichopinda, ukisukuma kwa nguvu ya goti. Mara mbili za kwanza gurudumu lilizunguka kinyume na uzi ukakatika. Mara ya tatu likashika.

Siku ya kukaguliwa alitembea mwenyewe hadi mezani kwa daktari. Daktari akamwambia akunje goti, anyooshe, akunje tena. Likafanya kila lililoambiwa.

"Dokta," alisema, "siku ile nilikusikia. Yule kijana alitaka mpande, wewe ukasema subiri. Asante kwa kusubiri."

Daktari aliacha kuandika. "Kumbe ulitusikia."

"Niliwasikia. Nilitaka kukuuliza, ulisubiri muda gani?"

"Dakika nne."

"Nne kamili?"

"Nne kamili. Nilitazama saa ya ukutani. Ulishaniambia kwamba unakanyagia goti."

Sentimita aliitikia kwa kichwa, akainuka kitini bila kuvutwa na mtu, akaenda nyumbani kushona.