Barua Pepe ya Mgeni Wetu, Nikaisoma Mbele ya Baba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Dada yangu ameolewa Sikonge; mimi safari yangu ndefu ni kutoka jikoni hadi dukani, na huko nako narudi nahema. Ndiyo maana familia yetu hapa Kwihara ilipopokea msichana Mjerumani wa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nilikabidhiwa mimi. Alikuwa akijifunza Kiswahili kwa kusikiliza: neno likichekesha watu leo, kesho naye analo.

Sasa, bibi mzaa baba ni mtani wangu, na kila asubuhi hunisalimu kwa tusi la nguoni ambalo sitaliandika hapa. Namjibu kwamba uzee umemharibu mdomo, tunacheka, tunakunywa uji. Mgeni akaona: kumbe wanaopendana huitana hivyo.

Jumapili akaja mkwe wetu kutoka Sikonge, baba wa mume wa dada, na zawadi ya asali. Mgeni akampelekea maji ya kunawa, akapiga goti kama alivyofundishwa, akasema, "Karibu, babu," akaongeza na lile tusi, huku akitabasamu vizuri kabisa.

Mkwe hakunawa. Alisema, "Tumeshukuru," akachukua kofia yake, akaondoka bila kula. Baba akamsindikiza. Mama akamvuta msichana jikoni na kumweleza neno lile ni nini; naye akalia mpaka akakosa pumzi. Jioni mratibu wa mpango akaja kumchukua, akae mjini Tabora mambo yapoe. Baba hakumuaga. Nikajua kwamba akisema "asirudi", basi ndiyo basi, na wa kumwandikia nitakuwa mimi.

Kesho yake barua pepe ikaingia kwenye simu yangu. Anwani hiyo niliifungua kwa ajili ya kuomba kazi baada ya kidato cha nne, na mpaka leo hakuna mwajiri aliyenijibu. Mgeni alikuwa wa kwanza kuniandikia kitu cha maana. Juu aliweka: "Kuomba radhi." Chini: "Dada, wasomee baba na mama."

Tukakaa uani: baba, mama, bibi na mimi.

"Baba na mama, shikamooni," nikasoma. "Jana nilimtukana mkwe wenu ndani ya nyumba yenu. Sikujua maana ya neno, lakini aibu mliipata vilevile, na yeye aliondoka na njaa. Kosa ni langu."

"Ameandika vizuri," mama akanong'ona.

"Endelea," baba akasema.

Nikatupa jicho mbele. Nikaacha kusoma. Mtoto wa watu, kwa uaminifu wake, alikuwa ameliandika neno lenyewe, zima, herufi zote, ili isionekane anakwepa. Na mstari uliofuata: "Nililisikia hapo nyumbani, nikadhani ni la upendo. Simlaumu mtu."

"Mbona umenyamaza?"

"Mtandao, baba."

"Mtandao unasoma?"

"Baba, hapa pana neno. Lile."

Baba akatazama chini. Mimi kumtamkia baba yangu neno lile, hata kwa kusoma, bora nihamie Sikonge kwa miguu.

"Liruke," akasema.

Nikaliruka, nikatua kwenye "nililisikia hapo nyumbani". Baba akageuka polepole, akanitazama mimi, halafu mama yake.

"Usimwangalie mjukuu wangu," bibi akasema. "Ni langu hilo. Namwita mke mwenzangu huyu upendavyo moyo wangu."

"Mama, mbele ya mgeni?"

"Mgeni anakaa humu, nimfiche wapi? Nyinyi ndio hamkumwambia lipi la mtani na lipi la mkwe."

Nikamalizia: "Sitalitamka tena. Naomba mnielekeze namna ya kumwomba radhi mzee. Mkiona nisirudi, nitaelewa."

Baba akakwangua tope kwenye kiatu.

"Barua ya simu haimwombi radhi mkwe," akasema hatimaye.

Nikaifunika simu mapajani.

"Kwa mkwe tunakwenda wenyewe, keshokutwa. Kosa la mgeni ni la mwenye nyumba, kwa hiyo nitatangulia mimi kusema. Yeye aje nyuma yangu na mtu wa kumsindikiza."

"Nani, baba?"

Akanitazama tu. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Nikamwandikia mgeni: "Baba amesema urudi. Keshokutwa tunakwenda Sikonge, wewe na mimi nyuma yake."

Akajibu papo hapo: "Asante sana dada. Huko niseme nini?"

Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta, maana kuna mkwe, kuna baba, na kuna safari. Mwisho nikatuma: "Shikamoo. Halafu nisamehe. Halafu unyamaze, na mimi nitanyamaza pamoja nawe."