Kipimo Kilisema Malaria

Dada yangu alikuwa ameinama anageuza omena kwenye nyavu pale ufuoni Muhuru Bay, anacheka mambo ya mteja mmoja bahili, mara akashika kisogo kwa mikono miwili. "Mayoo! Kichwa kimepasuka!" Nikadhani ameumwa na nyuki. Akapiga magoti juu ya samaki, akatapika.

Huyo si mtu wa kulialia. Amezaa watoto wanne na sijawahi kumsikia akipiga kelele. Sasa alikuwa anaomba mtu amzimie jua.

Tulimkokota hadi kwa mama mkwe wake, maana boma liko karibu. Yule mama hana mchezo. Alimgusa paji la uso, akasema, "Ni malaria, nyathina. Wewe si mgeni hapa." Nyathina ndivyo anavyomwita, mtoto wangu. Akaweka sufuria ya mwarobaini motoni.

Nilimwambia malaria haimwangushi mtu katikati ya kicheko. Akaniangalia kama nimewatukana wazazi wake. Tukamwita muuza dawa, aje na kipimo, tumalize ubishi. Akamdunga kidole, tone la damu, tukangoja. Mistari miwili. Malaria ipo.

Ee, jamani, mngeona tulivyofurahi! Mama mkwe alipiga makofi. Hata mimi nilishusha pumzi, kwa sababu malaria tunaijua, tumelala nayo tangu utotoni. Dada akameza dawa, akazitapika. Wakamfunika blanketi zito pamoja na sufuria ya mvuke, na ndani ya blanketi nikamsikia anaguna.

Nikalifunua. Mama mkwe akanishika mkono, "Unamwachia baridi!" Lakini nilikuwa nimeshaona uso. Kope la jicho la kushoto lilikuwa limeshuka, lenzake liko wazi. Nikamwita dada, akaniambia anatuona tukiwa wawili wawili. Kisha akaniuliza kama mama yetu amerudi sokoni. Mama yetu tulimzika zamani.

Hapo nilipandwa na wazimu. Nilipiga kelele boma zima likasikia. Nikasema kama kuna mtu anataka kunizuia anipige kwanza, halafu nikamtuma shemeji yangu alete gari la jirani linalobeba samaki. Tulimlaza nyuma, ananuka omena na mwarobaini, na mama mkwe akapanda pia, amenuna, na sufuria yake.

Zahanati ina ofisa wa kliniki, mwanamke kijana, sisi humwita daktari tu. Nilimwonyesha kipimo. Hakukiangalia. Aliuliza, "Kichwa kilianza kuuma polepole au ghafla?"

"Ghafla. Alikuwa anacheka."

"Amewahi kuumwa na kichwa namna hii?"

"Hajawahi."

Akamwambia dada ashushe kidevu kifuani. Dada alijaribu, shingo ikakataa, akalia. Daktari akaliangalia lile jicho kwa tochi, akasema bila kupaza sauti, "Malaria anayo, na wengi wetu hapa tunayo na tunatembea nayo. Lakini malaria hailipuki hivi, wala haishushi kope. Naogopa damu inavuja ndani ya kichwa. Lazima apigwe picha ya kichwa hospitali ya Migori leo." Akakataza tusimpe dawa nyingine, akamlaza kichwa kikiwa juu kidogo, akapiga simu ya ambulensi. Mama mkwe akauliza kama tungengoja kesho, aone kama dawa itashika. "Kesho inaweza kuvuja tena," akajibiwa, "na hiyo ya pili ndiyo huua."

Njia nzima nilikuwa namwita jina, nikiogopa akinyamaza. Sala zangu zilikuwa za aibu, nilikuwa nambembeleza Mungu kama mteja anavyombembeleza muuzaji anayekaribia kufunga.

Picha ilionyesha damu. Wakatupeleka mbele, Kisumu, akapasuliwa kichwa. Alipofumbua jicho moja akaniambia nimekonda, nikalia mpaka muuguzi akanitoa nje.

Kwenye korido nilimkuta mama mkwe. Sikutaka kuongea naye. Nilikuwa bado na hasira tele, nimejiandalia maneno ya kumtoboa. Akaanza yeye.

"Binti yangu wa kwanza," akasema. "Alikuwa anachota maji. Akasema kichwa kimepasuka."

Sikujua aliwahi kuwa na binti. Hakuna mtu aliyewahi kumtaja.

"Tulimpima. Ilikuwa malaria. Nikamfunika mimi mwenyewe." Alikuwa ameangalia sakafu. "Shingo yake ilikuwa ngumu, nikadhani anakataa dawa, nikamchapa kofi ameze."

Niliketi kando yake. Akaniuliza, "Huyo daktari, unadhani angeuona ugonjwa wa binti yangu?"

Nilimwambia sijui, mama. Nilimdanganya.