Bahasha ya Saa

Nilirudi Mwanza baada ya miaka tisa Botswana nikiwa na stashahada ya upimaji ardhi, niliyojisomesha mwenyewe: mchana nabeba zege, jioni niko darasani. Hakuna aliyenishika mkono. Wanaosema najisifu nao wajisifu, kama wana la kujisifia.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akikata minofu ya sangara kiwandani Nyakato na alitaka kwenda chuo kusomea ununuzi na ugavi. Chuo kilikuwa na mtihani wa kuingilia, wa kupima mtu anavyofikiri kwa namba: maswali arobaini, dakika arobaini, yote kwa Kiingereza. Aliufanya mara moja, akaanguka. Kanuni yao inaruhusu mara mbili tu, na zilibaki wiki tatu.

Nilimkuta mezani kwa mama akifanya karatasi za miaka ya nyuma, swali la kwanza hadi la mwisho, kisha anaanza nyingine.

"Mdogo wangu, hivyo ndivyo watu wanavyosali rozari, siyo wanavyosomea mtihani."

"Basi tufundishe, Mbotswana."

Nilichukua mkasi nikakata karatasi zote, kila swali na kijipande chake. Mama alidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia mdogo wangu avipange kwenye bahasha za kaki kwa aina. Akaweka mabomba yanayojaza tanki peke yake, na wafanyakazi wanaolima shamba peke yao.

"Hapana," nikasema. "Usitazame hadithi, tazama kazi inavyofanyika. Bomba moja linajaza tanki kwa saa tatu, lingine kwa saa sita. Kwa saa moja, bomba la kwanza linajaza theluthi, la pili sehemu moja ya sita. Pamoja ni nusu. Tanki linajaa kwa saa mbili. Sasa badala ya mabomba weka akina mama wawili na jembe. Kuna kilichobadilika?"

"Akina mama wanachoka," akasema. Lakini alivitia vyote kwenye bahasha moja.

Tukapata bahasha saba: kazi ya pamoja, mwendo, asilimia, uwiano, mifuatano ya namba, umri, na mikono ya saa. Kila jioni bahasha moja, maswali kumi na tano kwa dakika kumi na tano, kisha tunasahihisha. Kwa wiki mbili tulizungusha zile sita za mwanzo, naye akapanda kama maji ya masika. Nilitembea mtaani kifua mbele, nikiwaambia majirani, bila wao kuuliza, kwamba hii ndiyo faida ya kuwa na msomi nyumbani.

Kisha tukafungua bahasha ya saa. Swali lilikuwa lile lile kila mara: saa fulani ikifika, mkono mfupi na mrefu inaachana kwa nyuzi ngapi? Katika kumi na tano alipata mawili.

"Uzembe huu!" nikafoka. "Nyuzi thelathini kila namba. Mtoto mdogo anajua!"

Jioni iliyofuata akapata mawili yale yale. Nilirudia kanuni kwa sauti kubwa zaidi. Yeye alikuwa amechora saa za kila swali na kupanga majibu yake kwa safu, na yaliyo sahihi pembeni.

"Kaka, tazama. Mimi mia na ishirini, wao sitini. Mimi sabini na tano, wao mia na tano. Kila mstari ukijumlisha unapata mia na themanini. Uzembe haupangiki hivi. Na mawili niliyopata yote ni nyuzi tisini."

Nilitazama. Sikuona kitu, na sikutaka kukiri.

Mama, aliyekuwa akichambua dagaa, akauliza, "Hiyo saa mbili unayochora, mwanangu, ni ya asubuhi hii yetu?"

Mdogo wangu akashika kichwa. Alikuwa akisoma saa mbili ya Kizungu, moyoni anaona saa mbili yetu, ya kuingia kazini, ambapo mkono mfupi uko kwenye nane! Saa tatu na saa tisa tu ndizo zilizomsamehe, kwa sababu mkono mfupi ukiwa kwenye tatu au kwenye tisa, mikono inaachana nyuzi tisini.

"Miaka tisa Botswana," mama akasema, "hujui watu wa nyumbani wanasomaje saa?"

Tulicheka mpaka dagaa wakamwagika. Maswali yale yangebaki yamechanganyika kwenye karatasi nzima nzima, kosa lisingeonekana kamwe. Na kuyakata, nakumbusha, ilikuwa akili yangu.

Siku ya mtihani nilimsindikiza hadi Nyamagana. Alitoka akitabasamu: maswali ya saa yalikuwa matatu, na kila saa aliichora kwanza, mkono mfupi ukielekea namba iliyoandikwa.

Ujumbe wa chuo uliingia kwenye simu tukiwa tunakula ugali. Amechaguliwa. Mama alipiga vigelegele hadi majirani wakaja na vyao.

Jumapili walikuja wenzake watatu wa kiwandani, wana karatasi zao na mkasi. Nikavuta kiti, nikakohoa kidogo.

"Shikamoo kaka," wakasema. "Mwalimu yupo?"

Nikaenda kumwita.