Barua ya Mama Mdogo

Dada alikuwa kwenye muda wa majaribio katika mashine ya kukamua alizeti ya mama mdogo, hapa Misigiri. Kazi yake ilikuwa mizani. Alikosea uzito wa magunia, akaitwa, akaelezwa, akapewa muda ajirekebishe. Akakosea tena. Hapo simlaumu mama mdogo.

Tatizo ni barua ya kumwachisha kazi. Dada aliisoma tumekaa kitandani. Ilitaja makosa ya mizani, sawa. Halafu ikaendelea: kwa kuwa umefukuzwa na mumeo na akili yako haiko kazini.

Watu wote, hata mama mdogo, waliambiwa dada amekuja kwetu kwa ajili ya kazi tu. Mimi nilijua ukweli kwa sababu tunalala chumba kimoja. Na nilimwambia mama mdogo peke yake, nikamwomba amvumilie dada kidogo. Alinishika bega, akasema nimefanya vizuri.

"Nani kamwambia?" dada aliuliza. Mimi hata darasani sijibu.

Dada alikuwa ameshaongea na mwenye mashine nyingine, Kinyangiri, naye alitaka kuona barua inayoonyesha aliachaje kazi. Angeipelekaje barua hiyo? Tukaenda wote kwa afisa kazi, Singida mjini. Afisa huyo, mama mtu mzima, aliisoma taratibu, akasema hata mtu wa majaribio lazima aandikiwe sababu, na sababu iliyopo ya mizani inatosha, pamoja na kwamba alionywa. Iwekwe tarehe ya kutoa taarifa na siku ya mwisho ya kazi. Dada analipwa kwa mwezi na mwezi wa kwanza ulishapita, kwa hiyo taarifa ni ya siku ishirini na nane, au alipwe badala yake. Itajwe mishahara na likizo anayodai, na apewe cheti cha utumishi.

"Na ya mume?" dada aliuliza.

"Mume hakuajiriwa," alisema yule mama. "Hayo yasiwemo kabisa."

Akampigia simu mama mdogo. Nilidhani atakuja juu, lakini aliitikia tu ndiyo, ndiyo.

Kesho yake tulimkuta mama mdogo ofisini kwake. Tukamwamkia shikamoo. Barua mpya ilikuwa fupi na safi, kila kitu kimo, mume hayumo. Dada aliisoma mara mbili, nikaona mabega yake yanashuka. Akashukuru.

"Usinione mbaya, mwanangu," mama mdogo akasema. "Mimi ningejuaje ya ndoa yako? Mdogo wako huyu ndiye alikuja kunimwagia yote. Nikajua mnataka niyatumie kwenye barua."

Alisema hivyo huku ananitabasamia, kama ananisifu.

Nilitaka kusema niliomba nini. Dada aliikunja barua, akamuaga vizuri, akatoka. Nilimfuata hadi barabarani.

"Kinyangiri naenda peke yangu," alisema, bila kugeuka.