Chupa Mia Mbili na Arobaini

Wenzake walimwita Kibaba, kwa sababu hakuna kilichotoka boharini kwake bila kuhesabiwa mara mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msimamizi wa bohari ya dawa inayohudumia vituo vinne vya afya, na hakuwahi kukutana na mgao mchungu kama ule wa insulini.

Vituo viliomba chupa mia nne za mwezi. Gari lilishusha mia mbili na arobaini, na dereva akasema nyingine zisitarajiwe kabla ya wiki tatu.

Kibaba alizipanga kwenye friji, akaketi na fomu. Njia nyepesi ilikuwa kukipa kila kituo sitini kwa kila mia kilizoomba. Lakini fomu moja ilimkwaza. Kituo cha sokoni hutumia chupa themanini kwa mwezi, nacho kiliomba mia moja na sitini. Wengine waliomba matumizi yao halisi: mia, themanini na sitini. Akifuata maombi, sokoni wangepata tisini na sita, kupita hata mahitaji yao, na kituo kidogo cha mlimani thelathini na sita tu. Aliyetia chumvi ndiye angeshiba.

Na aliyetia chumvi alikuwa dada yake, muuguzi mkuu wa sokoni, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Alipiga simu kote kuuliza kilichobaki. Watatu walisema friji zao ni tupu. Dada alisita.

“Kumi na sita,” akasema mwishowe. “Nilisikia dawa itaadimika, nikawaza wagonjwa wangu. Wewe ungefanyaje?”

“Ningeogopa kama wewe, dada. Lakini wa mlimani nao wana wagonjwa.”

“Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu, mdogo wangu.”

Hilo lilimchoma. Akamweleza taratibu. Chupa zote, pamoja na zile kumi na sita, zilikuwa mia mbili hamsini na sita; matumizi ya vituo vyote ni mia tatu na ishirini. Kila kituo kingepata nne kwa kila tano kinazotumia, kikafika siku ishirini na nne, si zaidi, si pungufu. Fungu la sokoni ni sitini na nne. Kwa kuwa kumi na sita anazo, atapelekewa arobaini na nane. Wengine watapata themanini, sitini na nne, na arobaini na nane.

Dada alikata simu bila kuaga. Kibaba akafunga maboksi kwa barafu, na Jumapili hiyo hakualikwa chakula kwa dada kama kawaida.

Gari lilirudi siku ya ishirini na mbili. Hakuna kituo kilichokaukiwa.

Fomu ya sokoni ya mwezi uliofuata ilipokuja, iliomba themanini, na sehemu ya akiba, ambayo dada hakuwahi kuijaza, ilikuwa na tarakimu: sita. Chini, kwa kalamu nyingine, aliandika: “Watoto wanakuulizia. Njoo Jumapili.”