Miche ya Kunigunda

Mama Kunigunda wa Mkumbi alikuwa ameshamgawia wifi yake miche yote ya kahawa. Vidole vilimuuma, na kipimo cha damu kilichopelekwa Dar es Salaam kilionyesha kingamwili zinazolenga viini vya seli zake mwenyewe. Mpwa wake alikufa kwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Akaona zamu yake imefika.

Daktari Stella aliyempokea hospitalini, mgeni wa Mbinga kutoka Tanga, alikuwa mtu asiyemharakisha mgonjwa.

"Shikamoo mama. Jani la kahawa likiwa na doa la njano, unang'oa shamba?"

"Marahaba. Aka! Nageuza jani kwanza. Kama chini hakuna unga wa rangi ya chungwa, si ugonjwa wa kutu."

"Nami nimekugeuza. Viungo havijavimba. Huna vipele usoni wala vidonda kinywani. Mkojo hauna protini, chembe za damu ziko sawa. Kingamwili chache kama zako, wazima wengi wanazo."

"Kwa hiyo sitaugua kamwe?"

Mwingine angeahidi. Stella alimshika mkono.

"Hilo silijui, mama. Leo sioni lupasi. Viungo au miguu ikivimba, vipele vikitoka, njoo upesi. Vinginevyo tutapima tena baada ya miezi sita."

Kunigunda alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Basi wifi anisamehe. Mvua zinakaribia, nataka miche yangu."