Siku Baba Alipouona Uhandisi wa Mitambo

Baba alikuwa fundi wa mawe, na kwake injinia alikuwa mmoja tu: yule wa majengo na barabara, anayeshuka kwenye Landrova ya serikali akiwa na kofia ngumu. Nilipomwambia nataka kusomea uhandisi wa mitambo, alinyoosha kidole kuelekea gereji za Riruta.

"Nimekusomesha ulale chini ya magari?"

Nilikuwa nimemaliza shule, na wiki ile ndiyo ya kujaza fomu ya kozi ya chuo kikuu. Ningeweza kuchagua bila yeye, lakini sikutaka kwenda kusoma nikiwa nimenuniwa. Mimi ni mbishi, najua nilikoutoa ubishi huo.

Kwa hiyo nilizunguka nikiwauliza wahandisi maswali mawili: jana ulishindaje, na nani anaajiri? Wa majengo, niliyemkuta Lavington kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, alikuwa ameshinda akikagua nondo kabla zege halijamwagwa. Wizara iliyokuwa ikiwachukua wote sasa haikuajiri. Jirani yetu wa umeme alishinda akitafuta hitilafu kwenye transfoma. Waajiri wake wakubwa walikuwa mashirika mawili, la stima na la simu. Wa kemikali, katika kiwanda cha sabuni, alinivutia sana: alishinda akirekebisha joto na kiasi cha malighafi ili sabuni itoke sawa. Ila alikiri kwamba nafasi zao ni chache, na nyingi ziko mbali, kwenye viwanda vya sukari na karatasi.

Wa mitambo alikuwa mwanamke, kwenye kiwanda cha mikate. Huyo nilirudi kwake na baba.

Tulimkuta amevaa ovaroli, amesimamisha mashine nzima kwa sababu beringi moja ilikuwa imepata moto. Wanaume wote walisimama wakimngoja yeye. Alipoibadilisha na mashine ikaanza kunguruma tena, baba alimsogelea. Niliogopa kweli.

"Madam, hawa watu wakikufuta, utaenda wapi?"

"Mzee, si nitavuka tu barabara? Hapo kwa maziwa wako na boila, ile mashine ya mvuke. Kwa sabuni wako na boila. Hata hospitali iko na boila. Nani atazichunga?"

Baba alitazama ng'ambo ya barabara, akahesabu mabomba ya moshi. Miezi ile mjengo wake ulikuwa umesimama, na hakuwa na pa kuvukia.

"Jaza hiyo," akaniambia tukitoka.

Nilijaza, nikaitwa, nikahitimu, na kiwanda cha kwanza kuniajiri kilikuwa cha mikate. Furaha yangu ilikuwa kubwa, lakini ya baba iliishinda yangu. Kila asubuhi alienda dukani pale Riruta, akaukataa mkate wa kampuni nyingine yoyote, akauinua wetu juu wateja wote wauone.

"Huu," alisema, "umepikwa na injinia wangu."